Dakika saba mbele ya wahitimu wa madrasa

*Assalaamu alaykum ustadhi. Nimechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wazazi kwenye mahafali ya madrasa ya watoto wetu. Wanaohitimu ni 18, wa miaka 7 hadi 13. Wengine wamemaliza msahafu, wengine wamehifadhi Juzuu Amma. Nimepewa dakika 10, na watoto na wazazi watakaa pamoja. Kiarabu changu si kizuri, mwenyewe niliishia Juzuu Amma. Niseme nini kisichowachosha watoto, na wazazi nao wasiondoke mikono mitupu? Jirani yangu Mkristo naye ana hotuba kama hiyo kwa watoto wa shule ya Jumapili, kaniambia nikuulizie na la kwake.*

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu. Kabla hujaandika hata mstari mmoja, nenda kwa mwalimu wao ukamuulize kila mtoto kamaliza nini hasa. Kuna aliyesoma msahafu mzima kwa kutazama, kuanzia Al-Fatiha mpaka An-Nas, mwalimu akimsikiliza na kumsahihisha. Kuna aliyehifadhi Juzuu Amma kwa moyo, yaani sura 37 kuanzia An-Naba mpaka An-Nas. Na kuna hafidhi, aliyehifadhi juzuu zote 30. Kwa maelezo yako, una makundi mawili ya mwanzo na hafidhi huna. Msemaji akisimama akawaita wote "mahafidhi wetu", wazazi watapiga takbiri, ila wale watoto watatazamana, maana wanajua fika nani kafika wapi. Binti wa miaka 11 aliyemaliza msahafu kwa kutazama amefanya kazi ya miaka. Ukimsifu kwa kazi ambayo hakuifanya, ile aliyoifanya inakosa wa kuitaja.

Muulize mwalimu na jambo la pili: ni nani kati yao aliyesoma kwa tabu zaidi kuliko wenzake? Hutalitaja jina lake. Unataka tu kujua kwamba yupo, ili sentensi moja katika hotuba iwe yake.

Dakika ulizopewa ni 10. Andika za 7. Kwenye shughuli za watoto kila kitu huchelewa, na anayezungumza baadaye hukuta watoto wameshachoka. Kwa mtu anayesoma taratibu kwenye kipaza sauti, maneno 700 hivi ya Kiswahili yanafika hapo, lakini hesabu yangu usiitegemee. Isome kwa sauti, umesimama, saa mbele yako.

Tatizo lako kubwa ni kwamba una wasikilizaji wa namna mbili kwenye mkeka mmoja. Wasemaji wengi huigawa hotuba: nusu "enyi watoto", nusu "enyi wazazi". Unapofika zamu ya wazazi, watoto wanaanza kufungua zawadi. Na ulipokuwa kwa watoto, wazazi walikuwa wameinua simu wakipiga picha. Ninachokushauri ni kuchukua kisa kimoja tu ambacho ndani yake mna mtoto na mna watu wazima, ukisimulie mara moja, kila upande usikie fungu lake. Kwa mahafali ya Qur'ani sijaona kinachofaa kuliko kisa cha Amru bin Salama, ambacho yeye mwenyewe amekisimulia na kimo katika Sahihi Bukhari. Ni mtoto wa miaka sita au saba, umri wa wahitimu wako wadogo kabisa.

Nimekuandikia hotuba nzima hapa chini. Nitaikatiza pale palipo na jambo la kukueleza. Anza hivi:

"Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Alhamdulillahi Rabbil-aalamin, wasswalatu wassalamu alaa Rasulillah. Walimu wetu, wazazi wenzangu, wageni wetu, na nyinyi wahitimu wetu 18: assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Naanza na nyinyi watoto, kwa sababu leo ni siku yenu. Nina swali. Aya za kwanza kabisa alizoteremshiwa Mtume Muhammad, swalla Allahu alayhi wasallam, ni zipi? Mkizijua, zisomeni wote pamoja."

Hapa wataingia na *Iqra bismi rabbikal-ladhii khalaq*, aya tano za mwanzo za suratul-Alaq. Sura hiyo imo katika Juzuu Amma, kwa hiyo makundi yote mawili wanayo. Panga na mwalimu mapema ili awe karibu na aanzishe sauti wakisita. Nimeiweka hapa kwa sababu ya lile ulilosema kuhusu Kiarabu chako. Msemaji anayesoma aya kwa matamshi yaliyopinda mbele ya watoto waliofundishwa tajwidi anawatia majaribuni: wengine watacheka, wengine watamsahihisha kwa sauti, na mwalimu atabaki anatazama chini. Waachie wao Kiarabu, wewe shika Kiswahili. Usimsimamishe mtoto mmoja peke yake asome. Aliye hodari nyumbani anaweza kukauka koo mbele ya umati, na hilo ndilo atakalolikumbuka kuhusu mahafali yake. Wakisoma wote kumi na wanane, anayesahau anabebwa na wenzake.

Endelea:

"Ahsanteni. Mimi mwenyewe niliishia Juzuu Amma. Wale miongoni mwenu mliomaliza msahafu mmenipita, na leo nimesimama mbele yenu kama mtu aliyepitwa na mwanawe akafurahi."

Sentensi hiyo usiione aibu. Katika ukumbi kutakuwa na wazazi wengi walioishia pale ulipoishia wewe, au hawakufika kabisa, na kila msemaji anayewahimiza "wafuatilieni watoto" wao hujisemea moyoni kwamba hilo ni la wanaojua. Wakishajua unasema ukiwa upande wao, utakapofika kwenye ombi lako watakusikiliza.

"Sasa nawasimulia habari ya mtoto mmoja aliyeitwa Amru. Aliishi zamani, wakati wa Mtume, katika kabila lililokaa penye maji, njiani wanapopita wasafiri. Watu wake walikuwa bado hawajasilimu. Wasafiri wakisimama kunywesha wanyama wao, watu wa kabila wakawa wanawauliza: huyu mtu anayesema ametumwa na Mwenyezi Mungu, habari zake zikoje? Na wale wasafiri huwasomea aya walizozisikia. Wakubwa wanasikiliza, wanaendelea na shughuli zao. Amru anasikiliza, na maneno yale yanabaki kifuani mwake. Anasema mwenyewe, yalikuwa kama yamegandishwa humo. Hakuwa na madrasa, hakuwa na msahafu. Alikuwa na masikio.

Makka ilipofunguliwa, baba yake Amru aliharakisha kwenda kwa Mtume kupeleka habari ya kusilimu kwa watu wake. Akarudi na maagizo: wakati wa swala ukifika, mmoja wenu aadhini, na anayejua Qur'ani zaidi ndiye awaswalishe. Wakatazamana. Ni nani kati yetu anayejua Qur'ani zaidi? Wazee wakajipima, vijana wakajipima. Hawakumpata aliyemzidi Amru. Basi wakamsogeza mbele. Mtoto wa miaka sita au saba, nyuma yake wamesimama baba zake na babu zake.

Lakini palikuwa na tatizo. Amru alikuwa na nguo moja, nayo fupi. Akisimama, sawa. Akirukuu, sawa kidogo. Akisujudu... nguo inapanda! Mama mmoja wa kabila lile akasema: jamani, hamtufunikii huyo imamu wenu huko nyuma?"

Watacheka. Waache wacheke, na wewe nyamaza mpaka waishe. Wapo wasemaji wanaoona kicheko kinashusha heshima ya mahali, wakaikimbiza sehemu hii au wakairuka. Wakiiruka, kisa kizima kinaanguka, kwa sababu kile kinachofuata ndicho fungu la wazazi. Na hukutunga wewe. Amru mwenyewe ndiye aliyeihadithia alipokuwa mtu mzima, na katika Kiarabu neno la yule mama ni wazi zaidi ya nililolitumia mimi.

"Wale watu hawakumwambia Amru, wewe rudi nyuma, huna nguo. Hawakumwambia, ngoja ukue. Walinunua kitambaa, wakakikata, wakamshonea kanzu. Na Amru anasema: sikuwahi kufurahia kitu kama nilivyoifurahia kanzu ile.

Watoto wangu, Amru alipewa kanzu kwa sababu ya Qur'ani iliyokuwa kifuani mwake. Na nyinyi leo mmevaa nguo mpya, nawaona mlivyopendeza. Mmoja wenu alisoma haraka. Mwingine alirudishwa ukurasa uleule mara nyingi, akalia, kesho yake akarudi tena darasani. Huyo wa pili namwambia: Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, amesema kwamba anayeisoma Qur'ani kwa kubabaika, nayo ni nzito kwake, ana malipo mawili. Kwa hiyo ukimwona mwenzako alisoma kwa tabu, usimcheke. Huenda leo ameondoka na mengi kuliko wewe."

Hadithi hiyo ameipokea bibi Aisha, imo katika Bukhari na Muslim, na ndiyo sentensi niliyokuambia iwe ya yule mtoto mmoja. Atajijua mwenyewe, na mama yake atajua. Hapo hapo, nakutahadharisha na tabia ya kutangaza "wa kwanza" na "wa mwisho" ndani ya hotuba ya wazazi. Kama madrasa ina zawadi za nafasi, waachie walimu wazitoe kwa utaratibu wao. Na usiwataje waliobaki darasani ambao hawakuhitimu mwaka huu, hata kwa nia ya kuwatia moyo. Wamekaa pale nyuma na ndugu zao wanawaangalia.

Sasa geukia wazazi, lakini usiiache kanzu:

"Wazazi wenzangu, kanzu ya Amru ilishonwa na watu wazima. Yeye alileta Qur'ani, wao wakaleta kitambaa. Watoto wetu wameleta yao leo. Sisi kitambaa chetu kiko wapi?

Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, ametuambia tuitunze Qur'ani, akaapa kwamba inaponyoka haraka kuliko ngamia aliyefungwa kamba. Kuanzia kesho hakuna mwalimu atakayewauliza watoto hawa ukurasa waliomaliza. Wakikaa miezi mitatu bila kuufungua msahafu, wataanza kusoma kwa kugugumia, na waliohifadhi wataanza kuchanganya. Naomba jambo moja tu kutoka kwenu. Waliomaliza msahafu, wasome kurasa mbili kila siku. Mbili. Msahafu huu wa kawaida una kurasa 604. Kwa kurasa mbili wanaumaliza tena katika siku 302, ndani ya miezi kumi. Mahafali yajayo yakifika, kila mmoja wao atakuwa ameukhitimu mara ya pili, akiwa nyumbani kwako. Na waliohifadhi Juzuu Amma, wasirudie sura tatu zilezile fupi katika swala zote. Swala tano zina rakaa kumi ambazo baada ya Al-Fatiha tunasoma sura. Sura 37 kwa mtindo huo zinazunguka zote katika siku nne.

Na wewe mzazi kazi yako ni kukaa pale. Hujui kusoma? Kaa. Mtoto akisoma, wewe sikiliza. Amru alihifadhi kwa kusikiliza tu. Nasi huenda tukapata kitu."

Hili ndilo ombi, na nakusihi liwe moja. Kila nikisikia hotuba ya mahafali inayowataka wazazi wafuatilie swala, maadili, marafiki, simu, mavazi na kazi za shule kwa pamoja, najua nyumbani halifiki hata moja. Mzazi anaweza kurudi na namba mbili kichwani: kurasa mbili, siku nne. Zaidi ya hapo zinamwagika.

Hakikisha namba hizo na mwalimu, kwa sababu zinategemea msahafu wanaotumia. Kurasa 604 ni za ule unaochapishwa Madina na iliyofuata mpangilio wake, wenye mistari 15 kwa ukurasa, ambao kila juzuu huchukua kurasa 20 hivi. Ikiwa madrasa yenu inatumia chapa nyingine, namba ya kurasa itabadilika. Gawa kwa mbili upya, usisome yangu. Na ile hesabu ya siku nne ni ya faradhi peke yake. Mtoto hataanza na An-Naba yenye aya 40 katika rakaa ya Alfajiri akiwa na usingizi, wala hakuna anayemtaka afanye hivyo. Azigawe sura ndefu za mwanzo wa juzuu sehemu mbili au tatu, au azisome katika sunna, na mzunguko ukichukua wiki nzima bado ni sawa. Kwenye hotuba usiyaeleze haya. Yaweke kwenye karatasi moja umpe mwalimu, awagawie wazazi wakati wa kutoka.

Wewe binafsi, kwa kuwa Juzuu Amma unaijua, unaweza kufanya zaidi ya kukaa. Tega sikio pale panapofanana. Suratul-Infitar na suratul-Inshiqaq zote zinaanza *Idhas-samaau*, moja inaendelea *nfatwarat* na nyingine *nshaqqat*. Mtoto aliyeanza kusahau huingia kwa mlango wa moja akatokea kwenye nyingine, tena bila kusita, ndiyo maana mzazi hashtuki. Al-Kafirun nayo ina aya inayorudiwa neno kwa neno, ya tatu na ya tano, na mtoto asiyeirudia sura hii huruka kutoka ya tatu kwenda mwisho, au huzunguka hapo hapo asitoke. Ukisikia hivyo usimkaripie. Mpe msahafu aifungue mwenyewe atafute alipokosea. Akikosea mahali palepale wiki nzima, hilo ni la kumpelekea mwalimu.

Umebakiza kufunga, na hapa tena Kiarabu ni chao:

"Watoto wangu, simameni. Geukeni, kila mmoja amtafute mzazi au mlezi wake aliyekuja naye. Mmempata? Sasa muombeeni ile dua mliyofundishwa, sote tunaitikia amin: *Rabbir-hamhumaa kamaa rabbayaanii swaghiiraa.* Mola wangu, wahurumie wazazi wangu kama walivyonilea nikiwa mdogo.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh."

Hiyo ni aya ya 24 ya suratul-Israa, na karibu kila mtoto wa madrasa anaijua. Nimesema "mzazi au mlezi" kwa makusudi. Katika watoto 18 ni jambo la kawaida kumkuta yatima, au aliyeletwa na shangazi, au ambaye baba yuko mbali. Muulize mwalimu kabla, na kama yupo ambaye hatakuwa na mtu siku hiyo, mwalimu mwenyewe asimame karibu naye ili akigeuka asikute nafasi tupu. Ukishamaliza dua, shuka. Usiongeze "na la mwisho kabisa".

Utagundua kuna hadithi moja maarufu sikuitia, ile ya wazazi wa msomaji wa Qur'ani kuvishwa taji siku ya Kiyama ambalo mwanga wake unaushinda wa jua. Wasemaji wa mahafali wanaipenda, na wazazi hulia. Riwaya iliyo kwa Abu Daud wanazuoni wa hadithi wameitia udhaifu katika mlolongo wa wapokezi wake, ingawa zipo njia nyingine ambazo baadhi yao wamezikubali. Akitaka kuitaja mwalimu, mwachie yeye na maelezo yake. Kwako mzazi zile mbili nilizokupa zinatosha, zote ziko kwa Bukhari na Muslim, na hakuna atakayekusimamisha mlangoni kukuuliza umezitoa wapi.

Utaulizwa pia, hasa na watoto wa kiume: je, na mimi naweza kumswalisha baba? Katika madhehebu ya Shafi mtoto aliyefikia umri wa kupambanua mambo anaweza kuwa imamu, na kisa hiki cha Amru ndicho ushahidi wao. Hanafi hawaikubali katika swala za faradhi. Usitoe fatwa jukwaani; mwambie aliyeuliza akamuulize ustadhi wake. Swali hilo likitoka kwa mtoto, hotuba yako imefika.

Mambo ya ada ambayo hayajalipwa, jengo linalohitaji bati na mshahara wa walimu yasiingie katika dakika hizi saba. Najua kamati itakuomba "uguse kidogo". Waambie watafute mtu mwingine na muda mwingine, ikiwezekana baada ya watoto kutoka nje, kwa sababu mtoto ambaye ada yake haijalipwa anajijua, na amevaa kanzu yake mpya akisubiri cheti.

Jirani yako naye nampa kisa cha aina hiyohiyo kutoka katika Biblia, na nitamwomba anisamehe kama ninaingia shamba la watu. Katika kitabu cha Samweli wa kwanza, sura ya pili, mtoto Samweli anahudumu hekaluni chini ya kuhani Eli, na mama yake Hana humshonea joho dogo, akampelekea mwaka baada ya mwaka anapopanda na mumewe kutoa dhabihu. Aseme hilo la mwaka baada ya mwaka taratibu. Joho la mwaka jana halimtoshi tena, na mama huyo haonani na mwanawe kila siku, hivyo inambidi akadirie kakua kiasi gani. Kwa watoto wa shule ya Jumapili, sehemu yao ni sura inayofuata, Samweli anapoitwa usiku na kumkimbilia Eli akidhani ndiye aliyemwita, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Awaachie watoto wenyewe wajibu "Mimi hapa" kila mara. Hiyo inashika nafasi ya Iqra katika hotuba yako. Ombi lake kwa wazazi nalo liwe moja na lenye namba: mistari mingapi ya Biblia, wakati gani wa siku, nani anasikiliza. Kiasi chenyewe apange na mwalimu wa darasa, kwa kuwa yeye ndiye anayejua watoto wamefundishwa kusoma nini.

Siku yenyewe, iwe imechapwa kwa herufi kubwa, karatasi upande mmoja tu, na sehemu ya kisa uijue bila kusoma. Kisa kikisomwa kwenye karatasi watoto huhisi mara moja. Kipaza sauti kiwe cha kushika mkononi, si kilichosimamishwa kwenye chuma, maana watoto wakisoma Iqra utataka kukishusha mpaka usawa wa vinywa vyao, na kwa wale wa miaka 7 itakubidi upige magoti.